Umewaunganisha kwa Kifaransa, wote wamenyamaza: tatizo liko wapi?

Ofisi yetu iko Posta, na kazi yetu kubwa ni mizigo inayoshuka bandarini Dar kwenda Kongo. Mwaka juzi nilituma barua pepe ya Kifaransa kwa watu wawili kwa mpigo. Wa kwanza alikuwa mama anayesimamia manunuzi ya kampuni moja Lubumbashi, hapa nitamwita Bi K. Wa pili ni wakala wa forodha wa hapahapa Dar, Bwana M. Bi K. alihitaji mtu wa kumfuatilia makontena mawili ya vipuri kutoka bandarini hadi mpakani Kasumbalesa, na Bwana M. kazi hiyo anaijua. Nilidhani nimemaliza.

Wiki ikapita kimya. Nikampigia Bi K., akaniambia anasubiri wakala amtafute. Nikampigia Bwana M., naye akasema, "Dada, si ulimwambia yule mama ndiye anipigie?" Wote wawili waliipata barua, wote walikuwa na nia, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba zamu ni ya mwenzake. Meli wakati huo ilikuwa imeshaondoka ilikotoka.

Hii ndiyo barua yenyewe, jinsi nilivyoiandika:

```
Objet : Introduction

Madame, Monsieur,

J'espère que vous allez bien. Je vous introduis M. M.,
un très bon transitaire. Je me porte garant de lui.
Pourriez-vous appeler cette semaine ?

Merci.
```

Ukiitazama haraka haina kosa la kutisha, ila kila mstari una tatizo lake. Nitayapitia kwa dalili, nikianza na ile inayosumbua watu wengi zaidi.

Dalili: hakuna anayejibu, na ukiuliza kila mmoja anamsubiri mwenzake

Chanzo ni neno moja, "vous".

Kwa Kiswahili huwezi kukosea hapa hata ukitaka. Ukiandika "utampigia" umemwambia mtu mmoja. Ukiandika "mtapigiana" umewaambia wawili, na kitenzi chenyewe kimeshasema ni kazi ya pande zote. Kiambishi kinabeba mzigo wote huo bila sisi kufikiri. Kifaransa hakina msaada huo. "Vous" ni wewe wa heshima, na pia ni ninyi, na kitenzi hakibadiliki. "Pourriez-vous appeler" ni "ungeweza kupiga simu" na ni "mngeweza kupiga simu". Barua ikifika mbele ya watu wawili, kila anayesoma anaamua mwenyewe ni yeye anayeambiwa au ni mwenzake, na mtu mwenye kazi nyingi mezani ataamua kuwa ni mwenzake.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili hatulioni pengo hili tunapoandika, kwa sababu kichwani tumeshajua tunamwambia nani. Nimeliona kwenye barua za wenzangu wanaojua Kifaransa vizuri kuliko mimi.

Namna ya kupima ni rahisi. Soma barua yako ukijifanya Bi K., halafu isome tena ukijifanya Bwana M. Kila penye "vous" jiulize: je, hapa naambiwa mimi? Ukipata jibu la "ndiyo" mara zote mbili mahali ambapo ulimkusudia mmoja, umelipata kosa.

Dawa yake ni kumtaja mtu mwanzoni mwa sentensi inayompa kazi, kisha koma, kisha "vous". Jina lililotajwa hapo linafanya kazi ya kiambishi chetu:

```
Monsieur M., pourriez-vous appeler Madame K.
jeudi à 10 h, heure de Lubumbashi
(11 h à Dar es Salaam) ?
```

Ukitaka kusema na wote wawili, sema wazi pia: "chacun de vous" ni kila mmoja wenu, "vous deux" ni ninyi wawili. Na mtu mmoja tu apewe hatua ya kwanza. Kwa kawaida nampa yule anayetoa huduma, kwa sababu mteja hapaswi kumkimbilia anayetaka kazi yake.

Saa nimeiweka kwa makusudi. Lubumbashi iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiandika "10 h" peke yake, mmoja atakaa na simu mkononi saa nzima kabla ya mwingine kuikumbuka. Na jihadhari na saa zetu za Kiswahili. Ukiwa na haraka, saa nne ya asubuhi inaweza kuteleza vidoleni ikawa "4 h", nayo kwa msomaji wa Kifaransa ni saa kumi ya alfajiri. Mimi huitamka tarakimu kwa sauti kwa Kifaransa kabla ya kutuma.

Kimya kina chanzo kingine kinachofanana na hiki, nacho kiko juu kabisa ya barua, kwenye anwani. Nilikuwa nimemweka Bi K. kwenye sehemu ya "À", na Bwana M. kwenye "Cc". Kwenye ofisi za Kifaransa, aliye kwenye nakala anapewa taarifa tu. Hatarajiwi kujibu, na akijibu anaweza kuonekana anaingilia. Kwa hiyo unaowaunganisha wote wawili wakae kwenye "À". Kama bosi wako anataka kuona, yeye ndiye wa "Cc".

Na kuna chanzo cha tatu ambacho nilikigundua kwenye simu ileile. Bwana M. hasomi Kifaransa. Aliona barua ya lugha asiyoijua, akaona jina lake katikati, akajua anasifiwa, akafunga. Dawa hapa haikai kwenye Kifaransa. Mpigie kabla hujatuma, mweleze barua inasema nini na yeye anatakiwa afanye nini lini. Kisha ndani ya barua mjulishe na yule wa upande wa pili:

```
Vous pourrez échanger directement en swahili.
```

Mstari huu mfupi unafungua mlango. Lubumbashi Kiswahili kinazungumzwa kila kona, ingawa si hiki chetu cha Dar, na watu hawa wawili wakishikana simu wataelewana vizuri. Mtu anaweza kuuliza, basi kwa nini tusiandike Kiswahili tangu mwanzo? Kwa sababu barua haikomei kwa Bi K. Ataipeleka kwa mhasibu, kwa mkurugenzi, na itaingia kwenye faili. Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya Kongo, na faili la ofisi linaandikwa kwa lugha hiyo. Simu iwe ya Kiswahili, barua iwe ya Kifaransa.

Dalili: mmoja anajibu kwa kuuliza, "Huyu ni nani, na anataka nini?"

Hapo sababu ya mawasiliano haionekani. Kwenye barua yangu kichwa kilisema "Introduction" tu, na ndani nilisema Bwana M. ni wakala mzuri sana. Uzuri wake hauna maana kama msomaji hajui unahusiana vipi na shida aliyonayo.

Hilo neno "introduction" lenyewe lina kasoro. Tunalichukua kutoka Kiingereza kwa sababu wengi wetu tulifika kwenye Kifaransa kupitia Kiingereza. Kwa Kifaransa "introduire" ni kuingiza: ufunguo kwenye kitasa, bidhaa sokoni, au kumwingiza mgeni chumbani. Kumtambulisha mtu ni "présenter", na kuwaunganisha watu wawili kikazi ni "mettre en relation". Jina la barua ya namna hii ni "mise en relation", na ukiliweka kwenye kichwa msomaji anajua mara moja amepokea nini:

```
Objet : Mise en relation : Mme K. (achats, Lubumbashi)
/ M. M. (transit, Dar es Salaam)
```

"Présenter" nayo ina mtego wa sarufi ambao hutuumiza sisi zaidi. Kiswahili kinaruhusu "nakutambulisha kwake" bila taabu, na ukiihamisha neno kwa neno unapata "je vous lui présente". Sentensi hiyo haipo katika Kifaransa. "Vous" ikiwa ndiyo inayotambulishwa, haiwezi kukaa bega kwa bega na "lui". Lazima useme "je vous présente à lui". Hata ukiisahihisha hivyo, bado umegusa suala la heshima: kwa desturi ya Kifaransa anayetambulishwa ni mdogo, na anatambulishwa kwa mkubwa, au mwanamume kwa mwanamke. Ukikosea mpangilio huo umemshusha mtu bila kukusudia. Ndiyo maana napenda "je vous mets en relation". Inawaweka wote sawa, na hapo ule utata wa "vous" unakusaidia, kwa kuwa unawakusudia wote wawili.

Sababu yenyewe iingie kwenye sentensi ya kwanza au ya pili. Sisi tuna mazoea ya kuanza na salamu ndefu, na si vibaya. "J'espère que vous allez bien" ni adabu inayokubalika. Lakini ikae peke yake, kisha ingia kwenye jambo:

```
Comme convenu avec chacun de vous, je vous mets en relation
au sujet de deux conteneurs de pièces de rechange attendus
à Dar es Salaam fin mai et destinés à Lubumbashi.
```

"Comme convenu avec chacun de vous" ni "kama nilivyokubaliana na kila mmoja wenu". Usiiandike kama si kweli. Mwombe kila mmoja ruhusa kwanza, kwa simu au kwa ujumbe mfupi, kwa kuwa ukishatuma umeshatoa anwani ya mtu kwa mtu mwingine. Nimewahi kukataliwa katika hatua hiyo: mama mmoja aliniambia ana wakala tayari. Nilishukuru kujua kabla.

Baada ya hapo, sentensi mbili kwa kila mtu zinatosha. Ya Bi K. iseme anatafuta nini. Ya Bwana M. iseme umemjulia wapi. Badala ya "très bon", toa kitu kinachoweza kuulizwa na kujibiwa:

```
Monsieur M. est transitaire. Depuis 2021, nous avons traité
ensemble quatre dossiers à destination de Lubumbashi.
```

Neno ni "transitaire". Nimeona watu wakiandika "agent de clearing" kwa sababu huku tunasema klia-mzigo na "clearing agent" siku nzima. Bi K. angekisia maana, lakini mkurugenzi wake huenda asielewe.

Na kama kuna karatasi mahususi inayohitajika, itaje kwa jina lake la huko. Mzigo unaoingia Kongo unadai FERI, ile fomu ya taarifa za uagizaji inayosimamiwa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya huko ya mambo ya mizigo. Ukisema kwamba wakala wako ameshawahi kuishughulikia, Bi K. anapata sababu ya kumjibu leo badala ya wiki ijayo.

Dalili: jibu limekuja, lakini limepoa

Unapata mstari mmoja, "Bien reçu", bila jina lako wala salamu. Kagua ulivyowaita.

"Madame, Monsieur," niliyoianzia barua ni kianzio cha barua inayokwenda kwa mtu usiyemjua, hata jinsia yake hujui. Watu hawa nawajua wote wawili. Kwa kuwaita hivyo ni kama nilibisha hodi kwa ndugu nikamwita "mwenye nyumba". Iliyofaa ni hii:

```
Chère Madame K., cher Monsieur M.,
```

Usifupishe ukimsemesha mtu mwenyewe: andika "Monsieur" na "Madame" kwa ukamilifu. Ufupisho ni wa kichwa cha barua au wa kumtaja mtu wa tatu, na hapo ni "M." na "Mme", kwani "Mr" ni ya Kiingereza. Mwanasheria huitwa "Maître". Na kama mmoja mmezoeana mpaka mnaitana "tu", ibaki kwenye simu. Kwenye barua ya watu watatu wote ni "vous".

Jina lipi lifuate baada ya "Madame"? Hapa watu wa Dar tunakosea sana. Sisi tunasema Rais Samia, kwa jina lake la kwanza, na heshima imetimia. Kifaransa cha ofisini kinataka jina la ukoo. Ukimwita mtu "Monsieur Emmanuel" unasikika kama unamwita mtoto wa jirani. Kwa Wakongo kuna hatua moja zaidi, kwa sababu majina yao huwa matatu: jina la ukoo, jina la pili liitwalo "postnom", na jina la ubatizo, ambalo kwenye karatasi nyingi huandikwa mwisho. Desturi hiyo ya postnom ilitiwa nguvu na siasa za Mobutu, aliyeagiza mwaka 1972 majina ya Kikristo yaachwe, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Mfano wa leo ni rais wao, Félix Tshisekedi Tshilombo. Mtanzania akiona hivyo atadhani jina la ukoo ni la mwisho na kuandika "Monsieur Tshilombo", kumbe ni "Monsieur Tshisekedi". Ukiona jina limeandikwa kwa herufi kubwa, hilo ndilo la ukoo mara nyingi.

Kuna na jinsia. "Amekubali" kwetu ni mwanamke au mwanamume, haijalishi. Kifaransa kitakulazimisha uchague "il" au "elle", "directeur" au "directrice", "cher" au "chère". Majina mengi ya ukoo ya Kongo na Burundi hayakuambii lolote kuhusu jinsia, na kubahatisha ni hatari, kwa sababu kosa hilo litasomwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Muulize aliyekupa anwani. Ukishindwa, panga sentensi ziepuke kiwakilishi: rudia jina badala ya "il" au "elle".

Dalili: mzigo umechelewa, na lawama zinakuja kwako

Hii haionekani siku ya kwanza. Inakuja miezi miwili baadaye, mtu anapokukumbusha kwamba uliandika "je me porte garant de lui".

Mimi nilitaka kusema "namwamini". Lakini "se porter garant" ni maneno ya dhamana. Mtu huyatumia hata kwa kusifu tu, ila ndiyo hayohayo yanayotumika pale mtu anapomdhamini mwenzake kwenye mkopo au pango, kwamba asipolipa yeye atalipa. Mhasibu akikutana nayo kwenye faili hatajua ulikusudia lipi, na mwenye hasara atachagua linalomfaa.

Sema unachokijua na uishie hapo. "Je vous recommande Monsieur M." ni pendekezo, halina dhamana ndani yake. Ile sentensi ya mafaili manne ya pamoja tangu 2021 ina nguvu zaidi ya sifa yoyote, na hakuna atakayekudai nayo. Kama hukuwahi kufanya kazi na mtu, sema ulivyomjua: "un confrère m'a parlé de", mwenzangu wa kazi aliniambia habari zake.

Dalili: herufi zimeharibika

Bi K. akiona "prÃ©sente" mahali pa "présente", barua imesomwa kwa usimbaji tofauti na ule ulioandikiwa. Hutokea hasa ukinakili maandishi kutoka programu ya zamani. Yabandike kama maandishi matupu, chagua UTF-8, ujitumie mwenyewe kwanza uone.

Wengine hukwepa tatizo kwa kuacha alama zote. Usifanye hivyo, kwa sababu alama hubadili maana: "a" ni ana, "à" ni kwa. Na rafiki yangu anayeuza ng'onda angejuta kuandika "poisson sale", samaki mchafu, badala ya "poisson salé", samaki wa chumvi. Kwenye simu bonyeza herufi na uishikilie. Kwenye kompyuta ya Windows yenye kibodi ya namba, shikilia Alt uandike 0233 upate é, 0232 kwa è, 0224 kwa à, na 0231 kwa ç.

Barua iliyofanya kazi

Baada ya zile simu mbili niliandika upya kwa vipande hivi nilivyokuonyesha, kwa mpangilio huu: kichwa, wito kwa majina, sababu, sentensi za Bi K., sentensi za Bwana M., kisha siku ya simu. Nikafunga hivi:

```
Je vous laisse poursuivre directement.

Bien cordialement,
```

"Je vous laisse poursuivre" inasema kwamba mimi sasa natoka. Bila hiyo watakuwa wanakuweka kwenye kila barua, nawe utasoma bei na malipo yasiyokuhusu. Bwana M. alipiga simu Alhamisi saa tano asubuhi yetu, na jioni yake Bi K. aliandika:

```
Merci pour la mise en relation. Je vous passe en Cci.
```

"Cci" ni nakala isiyoonekana kwa wengine: barua hiyo moja nimeipata, na majibu yanayofuata hayanifikii tena.